Rejesho Dogo Lina Bei Yake

Ndugu zangu, habari za mchana. Nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mada yangu ni jinsi ya kuzungumza na mkopeshaji kipato kinaposhuka na rejesho la mkopo halilipiki tena. Kabla sijaiingia niungame jambo moja: kwa miaka 11 nilikuwa afisa mikopo. Nilikaa upande ule wa meza ambao wengi wenu mkiukaribia mnatoka jasho. Kwa hiyo mengi nitakayosema leo ni yale niliyoyaona nikiwa upande ule, nikimtazama mtu anayeomba apunguziwe, nikatamani kumnong'oneza, "Ndugu yangu, usiombe hicho, omba kile pale."

Nianze na siku mtu anayofika ofisini. Kipato kimeshuka mwezi wa kwanza. Mtu anajikaza, analipa kwa akiba. Mwezi wa pili anakopa kwa shemeji, analipa. Mwezi wa tatu analipa nusu na kuzima simu. Mwezi wa tano anakuja ofisini na barua ya wakili mkononi, akiba imekwisha, shemeji hampokei simu, na sasa ndiyo anataka tuzungumze. Ningemsaidia kwa furaha miezi minne nyuma. Siku hiyo mikono yangu ilikuwa imefungwa nusu.

Imefungwa na nini? Na kalenda. Benki nyingi duniani zinafuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 9, ambayo ilianza kutumika mwaka 2018. Kwa kanuni hiyo, benki hutenga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya hasara inayotarajia kwenye kila mkopo, hata ule unaolipwa vizuri. Rejesho likichelewa zaidi ya siku 30, kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa hatari yake imepanda sana, na benki hutakiwa kutenga fedha kwa hasara inayoweza kutokea hadi mwisho wa mkopo wote, wala si ya mwaka mmoja ujao tu. Likifika siku 90, kwa kawaida mkopo huhesabiwa umeshindikana. Unakuwa mkopo chechefu. Faili linatoka mezani kwa mtu aliyekupa mkopo na kwenda kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya.

Sasa mnaona kwa nini siku ya 10 kabla ya tarehe ya rejesho ina thamani kuliko siku ya 60 baada yake. Kabla hujachelewa, mkopo wako kwenye vitabu ni mzima, na afisa anayekusaidia anaulinda usiugue. Baada ya siku 90 anayekusikiliza anapima kitu kingine kabisa: dhamana yako ikiuzwa leo italeta kiasi gani. Mtu ni yuleyule, deni ni lilelile, ila mazungumzo ni mengine.

Wengi huogopa kwamba ukienda mapema unajichongea. Utawekewa alama kwenye kumbukumbu za mikopo, utaonekana mbabaishaji. Sitawadanganya: mkopo uliopangwa upya huweza kuandikwa hivyo kwenye taarifa zako, na ukienda kukopa mwaka kesho mtu ataiona. Lakini kuchelewa kwa siku 90 nako kunaandikwa, na kunasomeka vibaya zaidi. Hapo hamna njia isiyo na alama. Unachagua alama ipi.

Basi tuseme umeamua kwenda. Unakwenda na nini?

Hapa nitawapa kisa kimoja na tutakaa nacho. Kuna dada mmoja, mfasiri wa kujitegemea, aliyekuwa na wateja wawili. Namba zake nimezisawazisha ili ziwe rahisi kubeba kichwani, na fedha ichukulieni kuwa fedha yoyote mnayoitumia. Kipato chake kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Salio la mkopo wake lilikuwa 1,000,000 kamili, miezi iliyobaki 24, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Rejesho lake lilikuwa kama 49,900 kwa mwezi. Theluthi ya kipato. Alikuwa anamudu bila shida.

Mteja mmoja akaondoka. Kipato kikashuka hadi 100,000.

Dada huyu alifanya jambo ambalo katika miaka yangu yote nililiona mara chache sana. Alikaa na taarifa zake za benki za miezi mitatu, akajumlisha vile asivyoweza kuviacha: pango, chakula, ada ya mtoto, nauli, umeme, intaneti ya kufanyia kazi. Ikaja 60,000. Ikabaki 40,000. Mtu mwingine angekimbia ofisini kuahidi 40,000. Yeye aliondoa 5,000 kwa ajili ya dharura, akabaki na 35,000. Hiyo ndiyo namba aliyokuja nayo.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye hiyo 5,000, maana ndiyo iliyomwokoa. Mtu akiwa mbele ya mkopeshaji ana aibu, na aibu inaahidi kupita kiasi. Anasema atalipa 40,000 kwa sababu inapendeza masikioni. Mwezi wa tatu mtoto anaugua, ahadi inavunjika. Na mkopo uliopangwa upya ukavunjika tena hauna mtetezi. Mimi kama afisa nilikuwa nimeweka saini yangu kwamba mtu huyu mpango wake unatekelezeka. Mara ya pili siwezi kurudi kwenye kamati ya mikopo na sura ileile. Kwa hiyo ahidi kiasi ambacho utalipa hata mwezi ukiwa mbaya.

Alikuja na karatasi moja. Upande wa juu: namba ya mkopo, salio, na sentensi moja inayosema kipato kimeshuka lini na kwa nini, ikiambatana na barua ya mteja ya kusitisha mkataba. Katikati: kipato cha sasa na matumizi, mistari michache tu. Chini: "Naweza kulipa 35,000 kila mwezi kuanzia tarehe 5 mwezi ujao." Aliandika tarehe 5 kwa sababu mteja aliyebaki alikuwa analipa tarehe 2. Nilicheka nilipoiona. Watu wangapi wanachelewa kila mwezi kwa sababu tu rejesho linakatwa tarehe 28 na mshahara unaingia tarehe 1? Kuhamisha tarehe ya rejesho ndilo ombi jepesi kuliko yote, na karibu hakuna anayeliomba.

Kwa nini karatasi moja? Kwa sababu afisa unayeongea naye mara nyingi hana mamlaka ya kugusa riba. Anaweza kufuta faini ya kuchelewa, pengine anaweza kusogeza tarehe. Riba na muda vinakwenda kwenye kamati, na kwenye kamati wewe hutakuwepo. Karatasi yako itakuwepo. Ukimwachia afisa simulizi la nusu saa, ataliandika kwa mistari miwili baada ya chakula cha mchana. Ukimwachia karatasi, ataiambatanisha kama ilivyo.

Haya. Sasa tuingie kwenye kile alichojibiwa.

Jibu la kwanza lilikuwa lile tunalotoa kwa mtu yeyote, kwa sababu ni rahisi kwetu na linamfurahisha mteja papo hapo. "Tukusimamishie marejesho kwa miezi 6. Usilipe chochote. Pumua." Ukiwa na msongo wa mawazo, maneno hayo ni kama maji baridi. Dada akauliza swali moja: "Na riba itasimama pia?"

Haisimami. Riba ya mwezi ni asilimia 1.5 ya salio, yaani 15,000 katika mwezi wa kwanza. Isipolipwa inaongezwa kwenye salio, na mwezi unaofuata nayo inazaa riba. Baada ya miezi 6 ile 1,000,000 inakuwa kama 1,093,000. Akauliza swali la pili, ambalo ndilo zuri zaidi: "Na mwisho wa mkopo unabaki palepale?" Mpango tuliokuwa nao ulisema mwisho haubadiliki. Maana yake deni lililonenepa lilipwe kwa miezi 18 iliyobaki badala ya 24. Nikapiga hesabu mbele yake. Rejesho kama 69,800 kwa mwezi. Mtu aliyeshindwa 49,900 tunampumzisha nusu mwaka halafu tunamdai 69,800, na kipato chake hatuna hakika kama kitarudi. Nilijisikia vibaya kidogo, nikiri.

Sisemi kusimamisha marejesho ni kitu kibaya. Kunafaa pale ambapo unajua kipato kinarudi lini: umevunjika mguu na daktari amekupa tarehe, au malipo yako yamekwama na mkataba upo. Hata hapo, kama unaweza, omba ulipe riba peke yake katika miezi hiyo. Kwa dada huyu ingekuwa 15,000 kwa mwezi, salio linabaki 1,000,000, na mwisho wa mkopo unasogezwa miezi 6 mbele. Akirudi kwenye kipato chake anaendelea na 49,900 ileile. Muda ule wa kupumua unamgharimu 90,000 kamili, na anajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Kipimo chenyewe ni kimoja, na hakihitaji kikokotoo cha benki. Chukua salio lako, zidisha kwa riba ya mwaka, gawanya kwa 12. Hicho ndicho kiasi cha riba kinachozaliwa mwezi huu. Mpango wowote unaokuambia ulipe chini ya hapo unaongeza deni, hata kama umeandikwa kwa maneno matamu namna gani.

Jibu letu la pili lilikuwa kurefusha muda. Kutoka miezi 24 hadi 48, riba ileile ya asilimia 18. Rejesho linashuka hadi 29,375. Hapo wateja wengi huwa wameshachukua kalamu. Ni chini hata ya kile walichoomba! Dada akaomba nimwandikie jumla ya riba kwa kila mpango. Katika mkopo wa awali, riba iliyobaki ilikuwa kama 198,000. Katika mpango wa miezi 48, riba ni 410,000. Zaidi ya mara mbili. Rejesho dogo lina bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye sentensi ileile yenye rejesho. Iko ukurasa wa tatu, kwenye jedwali.

Kisha akajaribu kitu ambacho wengi wenu mngejaribu: "Basi nipunguzieni riba tu, muda uacheni." Tukapiga. Riba ikishuka kutoka asilimia 18 hadi 12, ambayo ni punguzo kubwa kweli, na miezi ikabaki 24, rejesho linakuwa kama 47,100. Limeshuka kwa chini ya 3,000! Aliniangalia kama mtu anayeamini nimekosea. Sikukosea. Mkopo ukiwa umebakiza muda mfupi, sehemu kubwa ya rejesho ni deni lenyewe linalorudi, na riba ni kipande kidogo. Punguza kipande kidogo, rejesho halishtuki.

Hapa ndipo ulipo moyo wa yote niliyokuja kusema, kwa hiyo nitaenda polepole. Muda na riba vinafanya kazi mbili tofauti. Ukirefusha muda, rejesho la mwezi linashuka vizuri, lakini jumla ya riba inapanda. Ukishusha riba, jumla inashuka, lakini rejesho la mwezi linasogea kidogo tu. Anayeomba kimoja anapata nusu ya dawa. Mwenye kipato kilichoshuka anahitaji rejesho lishuke, kwa hiyo ataongeza muda. Akishaongeza muda, ndipo anapohitaji riba ishuke, ili muda ule usimle.

Tukaweka vyote viwili pamoja: miezi 36, riba asilimia 12. Rejesho likaja kama 33,200, ndani ya 35,000 yake. Jumla ya riba? Kama 196,000. Mnakumbuka mkopo wa awali riba iliyobaki ilikuwa ngapi? 198,000. Karibu sawa kabisa.

Aliligeuza hilo kuwa hoja, na ninyi mnaweza kuliiba. Hakuja kuomba huruma. Alisema: "Riba mliyokuwa mnaitarajia kutoka kwangu kwa fedha taslimu inabaki karibu ileile. Ninachoomba ni muda wa kuilipa." Hoja hiyo ina tundu, na kamati iliona tundu hilo, maana si watoto. Fedha inayokaa nje miaka mitatu badala ya miwili ina gharama kwa benki, na hatari yake ni kubwa zaidi. Lakini ni hoja ambayo mtu wa kamati anaweza kuijibu kwa namba, na mara mazungumzo yakihamia kwenye namba, umeshatoka kwenye kundi la waombaji.

Kamati haikumpa asilimia 12. Ilimpa 14 kwa miezi 36. Rejesho likawa kama 34,200, bado ndani ya uwezo wake. Jumla ya riba kama 230,000. Ukilinganisha na mkopo wa awali ameongeza 32,000 hivi kwa ajili ya mwaka mzima wa nafasi. Kama angekubali miezi 36 kwa riba ileile ya 18, angeongeza zaidi ya 103,000, na rejesho lingekuwa kama 36,200, juu ya uwezo wake. Mtasema, mbona kwa kisa hiki kila kitu kimeenda sawa? Hakikwenda chote. Nitafika.

Kwa nini kamati ilikubali hata kushusha riba? Kwa sababu waliweka mezani njia mbili. Ya kwanza, mteja analipa 34,200 kila mwezi, mkopo unabaki hai. Ya pili, mteja anashindwa mwezi wa tatu, benki inatenga fedha kwa hasara, inalipa wakusanyaji na mawakili, na mwishoni inauza dhamana kwa bei ya mnada, baada ya muda ambao hakuna anayeujua. Mkopeshaji hapunguzi riba kwa sababu anakuonea huruma. Anapunguza pale ambapo wewe ukiendelea kulipa kidogo una faida kwake kuliko wewe ukianguka. Kazi ya karatasi yako ni kumwonyesha hayo mawili: kwamba kweli huwezi kiasi cha zamani, na kwamba kweli unaweza kiasi kipya. Ukithibitisha la kwanza bila la pili, umemwambia aanze kuandaa mnada.

Kwa hiyo hoja hii ina mipaka. Mkopo wenye dhamana kubwa inayouzika haraka unampa mkopeshaji sababu ndogo ya kukusikiliza. Mkopo mdogo wa simu wenye muda wa wiki nne mara nyingi hauna kamati wala mtu. Kuna ujumbe unaojijibu wenyewe, na kitu pekee unachoweza kupata ni kusogezewa siku kwa ada. Ukiwa na madeni kadhaa, ile 35,000 yako igawe kwa karatasi kabla hujaanza kuongea na mkopeshaji wa kwanza. La sivyo yule mwenye sauti kubwa ataichukua yote.

Jambo jingine la haraka. Kuna mikopo ambayo riba yake inahesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo hadi mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Asilimia 18 ya namna hiyo inakaribia mara mbili ya asilimia 18 ya salio linalopungua. Kama mkopo wako ni wa namna hiyo, ombi lako la kwanza liwe kuhamishiwa kwenye salio linalopungua. Asilimia yenyewe inaweza kubaki ileile na bado ukapata nafuu kubwa.

Sasa kwenye kusaini, na yale yaliyomwendea mrama dada yetu.

Mkataba mpya ulipotoka ulikuwa na ada ya kupanga upya mkopo, asilimia 2 ya salio. Yaani 20,000. Hakuna aliyemtajia, nami nikiwemo. Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu kwetu ada hiyo inaingia yenyewe kwenye mfumo. Aliiona kwa sababu alidai jedwali la marejesho yote 36 kabla ya kusaini, akakuta mstari wa kwanza unaanza na salio la 1,020,000. Akauliza. Tukaifuta nusu. Asingeomba jedwali, ingekaa ndani ya mkopo miaka mitatu ikizaa riba. Ndiyo maana nasema: usisaini barua inayotaja rejesho na muda tu. Dai jedwali, tazama salio la mstari wa kwanza, lilinganishe na salio unalolijua. Hapo ndipo ada na faini za kuchelewa zinapojificha, zikiwa zimejumlishwa kimya kimya. Faini ziombee zifutwe. Hilo wakopeshaji hulitoa kirahisi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kutegemea kuzipata.

Alidai pia sentensi moja ya kuongezwa: kwamba akilipa zaidi au akimaliza mapema hatatozwa adhabu. Kipato chake kingeweza kurudi mwezi wa nane, na mkataba wa miezi 36 usingemfunga kama mbuzi kambani. Ukirefushiwa muda bila sentensi hiyo, umekubali kulipa riba ya miaka mitatu hata ukipata fedha mwaka kesho.

Mdhamini wake alikuwa kaka yake. Mkataba wa mkopo ukibadilika kwa jambo kubwa kama muda, mkopeshaji karibu kila mara atataka mdhamini asaini upya, kwa sababu bila hivyo udhamini wake unaweza kupingwa kisheria. Dada hakumwambia kaka mapema. Kaka akapigiwa simu na benki akiwa kazini, akasikia maneno "dada yako", "mkopo", "kubadilisha", na akakataa kusaini kwa wiki mbili. Si kwa ubaya, alishtuka. Wiki mbili hizo rejesho la zamani liliiva.

Na hapo likatokea lile ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote. Amri ya kukata fedha moja kwa moja kwenye akaunti ilikuwa bado ile ya 49,900, tarehe 28. Mkataba mpya umeshakubaliwa kwa maneno, kila mtu anatabasamu, na mfumo hautabasamu. Ukakata 49,900. Pango lake likakosa. Tulimrudishia tofauti baada ya siku tisa na barua mbili. Kwa hiyo siku unayopeleka ombi, uliza kwa maandishi: mpaka uamuzi utoke, nitakatwa kiasi gani na lini? Na siku unayosaini, hakikisha amri mpya imewekwa na ya zamani imeondolewa. Vyote viwili. Kuna waliokatwa mara mbili mwezi mmoja.

Naona mikono. Ndiyo, mama pale mbele.

Mama anauliza: kama kipato hakikushuka ila kimekwisha kabisa, uende na karatasi gani, maana mstari wa chini utakuwa sifuri? Swali zuri, na jibu lake si tamu. Ukiwa na sifuri huna cha kujadili kuhusu riba; omba miezi michache ya kusimama kwa maandishi, ukijua salio litakua, na weka tarehe ya kurudi kuzungumza. Ukiona hata baada ya miezi hiyo hakuna dalili, na mkopo una dhamana, basi zungumza mapema juu ya kuiuza wewe mwenyewe, kwa ridhaa ya mkopeshaji iliyoandikwa. Mwenye mali akiwa na miezi ya kutafuta mnunuzi hupata bei ambayo mnada wa siku moja hauioni. Kinachozidi deni ni chako. Kwenye mnada mara nyingi kinachozidi hakipo.

Na kijana pale nyuma anauliza: wakikataa?

Wakikataa, omba kukataliwa kwako kuandikwe, pamoja na sababu. Sababu ya maandishi mara nyingi ni dhaifu kuliko ile ya mdomoni, na aliyekataa anajua hivyo. Peleka karatasi yako na barua hiyo kwenye kitengo cha malalamiko cha mkopeshaji huyohuyo, halafu, kama kimya kinaendelea, kwa mamlaka inayowasimamia wakopeshaji. Wakati huo wote usiache kulipa. Lipa ile 35,000 yako kila tarehe 5, hata kama hawajaikubali, na kila unapolipa andika ujumbe unaosema ni malipo ya mwezi gani. Lakini ujue inakoingia: katika mikataba mingi, malipo pungufu hulipa kwanza ada na faini, kisha riba, na kinachobaki ndicho kinachogusa deni lenyewe. Omba taarifa ya mkopo kila mwezi uone shilingi, au chochote mnachokiita huko kwenu, imeangukia wapi. Ukikuta malipo yako ya miezi mitatu yote yamemezwa na faini, una jambo jipya na zito la kupeleka mezani, na safari hii wao ndio watakaotakiwa kujieleza.